Ilani ya Mkutano Inapoamua Hatima ya Ardhi

Mwekezaji anapotaka kukodisha sehemu ya ardhi ya jamii nchini Kenya, iwe Samburu au Isiolo, kamati ya usimamizi haiwezi kumkubalia peke yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inadai mkutano mkuu ulioitishwa mahsusi kujadili ombi hilo, wenye akidi ya theluthi mbili ya watu wazima wote wa jamii. Kwa hiyo makosa mengi huanzia kwenye karatasi ya ilani, kabla hata mtu hajaketi.

Tuanze na ajenda. Ilani nyingi huorodhesha sala, kumbukumbu za kikao kilichopita, ripoti ya mweka hazina na, mwishoni, “mengineyo”. Suala la kukodisha ardhi likiibuliwa hapo chini, mkutano haukuitishwa kwa ajili yake, na aliyebaki nyumbani ana haki ya kulalamika. Andikeni wazi: “Kujadili na kupigia kura ombi la kukodisha ekari 200 za malisho kwa miaka 20.” Mwanachama akisoma hivyo anajua kwa nini aache mifugo aje.

Kisha siku. Tuseme kanuni zenu zinataka ilani ya siku 21 kamili. Siku ya kubandika haihesabiwi, wala siku ya mkutano. Ilani ikibandikwa Juni 1, mkutano hauwezi kufanyika Juni 22, kwa kuwa katikati kuna siku 20 tu; tarehe ya mapema kabisa ni Juni 23. Na msiichague tarehe inayoangukia siku ya mnada, au kipindi ambacho vijana wamehamisha ng’ombe kufuata maji.

Akidi ndiyo mtihani wenyewe. Jamii yenye watu wazima 900 katika daftari inahitaji 600 uwanjani. Wakija 540, uwanja utaonekana umefurika, lakini hakuna la kuamuliwa: katibu aandike idadi, mwenyekiti aahirishe, ilani mpya itoke. Wanaohesabiwa ni waliotia sahihi au alama ya kidole mbele ya majina yao. Umati wa kukadiria kwa macho hauhesabiki, wala watoto na wageni. Hesabuni tena kabla ya kura, maana baada ya chakula watu huondoka.

Maamuzi ya kawaida hupita kwa wingi wa waliohudhuria, yaani 301 kati ya 600. Mkataba wa mwekezaji ni mzito zaidi, nao huhitaji kuidhinishwa na theluthi mbili. Njia salama ni kuhesabu theluthi hizo kutoka kwenye daftari lote: wakija 600 barabara, kura moja tu ya kukataa inatosha kuzuia ombi.

Ukiiona ilani iliyobandikwa kwa chifu, ipige picha siku hiyo hiyo, tarehe ikionekana.