Mshtarii katika nyumba ya mali

Mshtarii huzunguka jua kwa karibu miaka 12, na hivyo hukaa takriban mwaka mmoja katika kila buruji. Wanajimu hugawa maisha katika nyumba 12, na kwa njia ya kale ya kuhesabu, buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki mtu alipozaliwa ndiyo nyumba yake ya kwanza. Inayofuata ni ya pili, nyumba ya mali.

Chukua mtu aliyezaliwa Ng'ombe ikichomoza. Mshtarii aliingia Ng'ombe Mei 2023, nyumba yake ya kwanza, na mwaka huo husomwa kuwa wa kujiamini na kuanza upya. Mei 2024 akaingia Mapacha, nyumba ya mali, akabaki humo hadi Juni 2025. Hapo wanajimu hutazamia kipato kukua, lakini pia ndipo wanapoonya zaidi, kwa sababu Mshtarii hukuza chochote anachokigusa, matumizi na madeni yakiwemo. Anayekopa akidhani neema itaendelea hujikuta analipa wakati sayari imeshahamia nyumba ya tatu, ya ndugu na safari fupi.

Kuanzia Oktoba 2024 hadi Februari 2025 Mshtarii alionekana kurudi nyuma, kwa kuwa dunia ilikuwa ikimpita. Wanajimu hukichukulia kipindi hicho kuwa cha kupitia hesabu upya. Mwendo huo hupimika angani; athari yake kwenye mfuko wa mtu haijathibitishwa na sayansi.