Slaidi 18, Ukurasa Mmoja: Barua kwa Mfadhili

Mzee aliyelipa ada hakai ukumbini siku mwanafunzi anapowasilisha utafiti wake. Akitumiwa faili la slaidi 18 na neno "asante", atafungua, atakutana na majedwali, atafunga. Barua ndiyo inayomfikishia alichokilipia, na kuiandika ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Nimetunga mfano. Binti anasoma shahada ya uzamili, anachunguza sumukuvu kwenye mahindi ya kaya 60 wilayani Chemba, Dodoma. Kwa kura, kaya 30 zimehifadhi mahindi kwenye magunia ya kawaida, na 30 kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile inayoitwa kinga njaa. Mfadhili wake ni mzee aliyefanya biashara ya nafaka maisha yake yote. Huyu hahitaji kuelezwa dumuzi ni nini. Anakumbuka pia mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu Dodoma na Manyara.

Slaidi ya tatu inasema kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni 10 ppb. Kuandika "sehemu 10 kwa bilioni" hakumsaidii mtu. Binti akae na karatasi apige hesabu: hiyo ni gramu moja ya sumu iliyosambaa katika magunia 1,000 ya kilo mia mia. Mzee aliyewahi kujaza ghala analiona jambo hilo papo hapo, na anaelewa kwa nini jicho na ulimi haviwezi kuigundua.

Slaidi ya 11 ndiyo yenye mtego. Inaonyesha wastani: 41 kwa magunia ya kawaida, 9 kwa mifuko ya kinga njaa. Kishawishi ni kuandika kwamba mfuko umepunguza sumu zaidi ya mara nne. Lakini sumukuvu haienei sawasawa. Punje chache huweza kubeba sumu nyingi huku punje za jirani zikiwa safi, na kaya moja ikaharibu hesabu ya kundi zima. Binti akirudi kwenye data yake anakuta kaya moja ya magunia ya kawaida yenye 600. Ukiigawa kwa kaya 30, hiyo peke yake imechangia 20 katika zile 41. Basi wastani auache kwenye slaidi. Kwenye barua ahesabu nyumba: kati ya 30 za magunia ya kawaida, 13 zilivuka kiwango, kati ya 30 za kinga njaa, zilivuka 4. Nyumba zinahesabika vidoleni, na hazidanganywi na gunia moja bovu.

Chini ya jedwali kuna "p = 0.02". Wengi huitafsiri kuwa "tuna uhakika wa asilimia 98", na wanakosea. Maana yake ni kwamba, kama mifuko isingekuwa na tofauti yoyote, pengo kubwa kiasi hiki au zaidi lingejitokeza kwa bahati tu kama mara mbili katika mia. Sentensi hiyo moja inatosha.

Zimebaki kaya nne, na hapa ndipo ninapoupima uaminifu wa barua. Mfuko usiopitisha hewa huinyima kuvu pumzi, mahindi yakiwa makavu. Hauondoi sumu iliyokwishaingia shambani au wakati wa kuanika. Kwa kuwa binti hakupima mahindi siku ya kuyafunga, hawezi kusema sumu ya kaya hizo nne ilitoka wapi. Wanafunzi wengi huificha slaidi ya namna hii. Mimi ningeiweka katikati ya barua, kwa sababu mfadhili anaweza kesho kuwanunulia wanakijiji mifuko akiamini imemaliza kazi.

Barua yenyewe basi inaweza kwenda hivi:

"Shikamoo Mzee. Natumaini nyumbani ni wazima. Fedha ulizonipa zililipa nauli ya kwenda vijijini na vipimo vya sampuli zote 60. Bila hivyo ningebaki na maswali tu. Nilitaka kujua kama aina ya gunia inabadilisha sumu kwenye mahindi ya familia. Katika nyumba 30 za magunia ya kawaida, 13 zilikuwa na sumu kupita kiwango. Katika 30 za mifuko ya kinga njaa, ni 4. Ni vigumu kuamini tofauti hiyo ni bahati tu. Lakini Mzee, mfuko hausafishi mahindi yaliyokwishaharibika, nami nilikosea kutopima mwanzoni. Kwa hiyo bado sijui kama zile nne ziliharibika shambani au ndani ya mfuko. Msimu ujao nitapima siku ya kufunga na siku ya kufungua. Ulipokuwa ukinunua mahindi, ulitambuaje yaliyoanikwa vizuri? Naomba uniambie, maana wakulima wengi niliowatembelea hawana kipima unyevu. Nakushukuru sana, Mzee wangu."