Alianguka Saa 4:20: Namna ya Kuandika Taarifa ya Ajali Kazini

“Mfanyakazi alianguka kutoka kwenye ngazi kwa sababu hakuwa makini.” Sentensi hii, au ndugu yake wa karibu, imo katika madaftari mengi ya ajali, kuanzia maghalani hadi viwandani na jikoni mwa hoteli. Inaandikwa haraka, kwa nia njema mara nyingi, na msimamizi ambaye bado ana wasiwasi kuhusu mtu aliyepelekwa hospitali. Lakini ukiisoma polepole unakuta haina taarifa hata moja. Ngazi ipi? Iliegemezwa wapi? Mtu alikuwa amepanda kimo gani? Nani aliona? Na huo umakini, nani aliupima?

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Nimeutunga, ila kila kipande chake ni cha kawaida katika kazi za stoo. Ni ghala la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Msaidizi wa stoo ametumwa kushusha boksi la koki kutoka tabaka la juu la rafu namba 6. Amepanda ngazi ya kuegemeza, ameanguka, ameumia mkono. Msimamizi wa zamu ndiye anayepaswa kuandika.

Kabla ya kalamu kuna mwili wa mtu na kuna eneo. Mtu huja kwanza: aliyeanguka hanyanyuliwi ovyo, anapewa huduma ya kwanza, na kama ngazi imemlalia inaondolewa bila kujali ushahidi. Baada ya hapo, kisiguswe kitu. Kazi katika njia ile inasimama, inapigwa picha ya mbali inayoonyesha rafu nzima, kisha picha za karibu zikiwa na tepu ya kupimia ndani yake ili ukubwa uonekane. Kishawishi kikubwa saa hiyo ni kusafisha. Watu wa stoo wana mkono mwepesi wa kupanga vitu, na ndani ya nusu saa ngazi inaweza kuwa imesharudishwa ukutani na sakafu imesharushiwa dekio. Hapo taarifa inayobaki ni ya kusimuliwa tu.

Mashahidi wanaulizwa siku hiyohiyo, mmojammoja, kabla hawajakaa pamoja kunywa chai. Si kwamba watadanganya. Ni kwamba watu watatu wakisimuliana tukio moja kwa saa nzima wanatoka na kisa kimoja kilichonyooka, na yale yaliyotofautiana, ambayo mara nyingi ndiyo yenye thamani, yanapotea.

Kisha linakuja swali linalokosewa kuliko yote: taarifa ianzie wapi? Wengi huanzia kwenye kishindo. Ukianzia hapo, jukwaani yupo mtu mmoja tu, yule aliyeanguka, na msomaji hana mwingine wa kumtazama. Mwandishi mzuri hurudi nyuma hadi kwenye badiliko la kwanza lililoifanya siku ile iwe tofauti na siku nyingine. Katika ghala letu badiliko hilo lilitokea zaidi ya saa mbili kabla. Taarifa inaweza kuanza hivi:

“Saa 2:10 asubuhi lori lilishusha vigae. Sehemu ya kushushia ilikuwa imejaa. Dereva wa foklifti aliweka mapaleti mawili ya vigae mbele ya rafu namba 6, umbali wa sentimita 50 kutoka kwenye rafu. (Daftari la kupokea mzigo; maelezo ya dereva wa foklifti; kipimo cha msimamizi saa 5:10.)

“Saa 4:15 msimamizi wa zamu alimwagiza msaidizi wa stoo ashushe boksi la koki kutoka tabaka la juu la rafu namba 6. Msaidizi alichukua ngazi ya aluminiamu iliyokuwa ukutani karibu na ofisi, akaiegemeza kwenye rafu, miguu ya ngazi ikiwa nyuma ya mapaleti. (Maelezo ya msimamizi, maelezo ya msaidizi.)

“Saa 4:20 dereva wa foklifti, akiwa umbali wa mita 8 hivi na mgongo wake ukielekea rafu, alisikia kishindo. Alipogeuka alimwona msaidizi amelala sakafuni kwa ubavu wa kushoto, na ngazi imelala kando yake. Hakuona namna alivyoanguka. (Maelezo ya dereva wa foklifti.)

“Msaidizi anasema: ‘Nilikuwa kipandio cha saba, nikahisi ngazi inaondoka chini.’”

Angalia mabano. Kila jambo lina mwenyewe: lilionwa, lilisikiwa, lilipimwa au lilisomwa kwenye daftari. Dereva wa foklifti hakuona mtu akianguka, na taarifa inasema hivyo waziwazi. Laiti ingeandikwa “ngazi iliteleza, msaidizi akaanguka”, msomaji angedhani kuna aliyeshuhudia kuteleza. Hakuna. Kuna kauli ya msaidizi mwenyewe, imewekwa ndani ya alama za kunukuu kwa maneno yake, na kuna alama zilizobaki sakafuni.

Watu wanaoogopa kulaumu wana mtego wao pia: wanamfuta mtu. Wanaandika “mapaleti yaliwekwa” na “agizo lilitolewa”, kana kwamba ghala lina mikono yake. Kutolaumu si kuficha nani alifanya nini. “Dereva wa foklifti aliweka mapaleti mawili” ni jambo lililotokea, na sababu yake imo mlemle: sehemu ya kushushia ilikuwa imejaa. Lawama ingeingia kama tungeongeza neno moja tu, “kiholela”. Naona afadhali majukumu ya watu yatajwe yote, la msimamizi anayeandika likiwemo, kuliko kuandika taarifa isiyo na watu. Na hapa yeye ndiye aliyetoa agizo. Aliandike.

Vipimo ndivyo vinavyobeba mzigo ambao maneno ya hukumu hujaribu kuubeba. Badala ya “ngazi iliwekwa vibaya”, msimamizi anaandika alichokikuta: kwenye nguzo ya rafu pana mchubuko mpya katika kimo cha mita 3.2, sakafuni pana alama mbili zinazoanzia mita 1.4 kutoka kwenye rafu, kila moja ina urefu wa sentimita 30 hivi. Kanuni inayofundishwa kwa ngazi za kuegemeza ni moja kwa nne: kwa kila mita nne za kimo, miguu iwe mita moja kutoka ukutani. Kwa mita 3.2, hiyo ni sentimita 80. Miguu ikiwa mbali zaidi ngazi inalala mno, na uzito wa mpandaji unazidi kuisukuma miguu kwenda nje. Tofauti ya sentimita 80 na mita 1.4 mtu yeyote anaiona. Na mapaleti yaliyokuwa katikati anayaona pia, akijiuliza mwenyewe kama ngazi ingeweza kusogezwa karibu.

Kuna jambo dogo zaidi, na mimi nalipenda kwa sababu linaonyesha faida ya kutazama kwa karibu. Alama zile mbili hazifanani. Moja ni mstari mweusi wa mpira, nyingine ni mkwaruzo mwembamba wa chuma. Ngazi yenyewe ikikaguliwa, mguu wa kushoto una kiatu chake cha mpira na wa kulia hauna, nacho kiatu hicho hakikuonekana katika eneo la tukio. Je, kilikuwa kimetoka tangu zamani? Mkwaruzo unaelekeza huko. Lakini taarifa ya tukio inaweka mambo hayo matatu kando kwa kando, kisha inaandika: “Haijathibitishwa kiatu cha mguu wa kulia kilitoka lini.” Kuyaunganisha ni kazi ya uchunguzi unaofuata, ambao utauliza ngazi zinakaguliwa na nani na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kuhusu jeraha, msimamizi si daktari. Anaandika alichokiona na alichoambiwa: “Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevimba. Msaidizi alisema kinamuuma na hawezi kukunja vidole. Saa 4:45 alipelekwa hospitali kwa gari la ghala.” Neno “amevunjika” linangoja cheti cha hospitali, na likija linaandikwa pamoja na chanzo chake.

Hapo panajitokeza tatizo ambalo sisi waandishi wa Kiswahili tunalo zaidi ya wengine. Msimamizi ameandika saa 4:20. Kamera ya ulinzi mlangoni inaonyesha 10:20. Kadi ya hospitali inasema alipokelewa 11:05. Ofisa anayezisoma karatasi hizo akiwa mbali, mezani kwake, anaweza kudhani kulikuwa na ajali ya alfajiri na mgonjwa aliyecheleweshwa kwa karibu saa saba. Chagua saa moja, useme juu ya ukurasa ni saa ipi, na pale unaponukuu kamera au kadi andika zote mbili: “saa 4:20 asubuhi (kamera: 10:20)”.

Maneno mengine ya kuchujwa yanafahamika: alizembea, alipuuza, angepaswa. Ila lipo moja linalopita bila kuulizwa, nalo ni “kwa bahati mbaya”. Lina sura ya huruma, lakini linafunga mlango sawa na “uzembe”, kwa kuwa bahati haikaguliwi wala haitengenezwi. Na ukanushaji nao uangaliwe. “Hakuvaa viatu vya usalama” inamwacha msomaji akikisia, “alikuwa amevaa kandambili, viatu vya usalama vya ghala vilikuwa jozi nne, zote zikitumiwa na wapakiaji” inampa jambo zima. Ukitaka kusema utaratibu haukufuatwa, taja ni utaratibu upi, umeandikwa wapi, na kama jina la mhusika limo katika orodha ya waliofundishwa.

Karatasi hii inasafiri. Tanzania, mwajiri anatakiwa kuujulisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku saba tangu apate habari za ajali. Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inataka taarifa ya maandishi ndani ya siku saba, na kama mtu amefariki, ofisa wa eneo ajulishwe ndani ya saa 24. Fidia ya Tanzania haimtaki aliyeumia athibitishe kosa la mwajiri. Inatosha kwamba aliumia kutokana na kazi, akiwa kazini. Ila mwenendo mbaya wa makusudi unaweza kuyumbisha haki yake, na ndiyo maana neno “uzembe” lililoandikwa kwa hasira na mtu ambaye hata hakuwepo linaweza kumletea mtu usumbufu wa miezi.

Siku ya tatu msaidizi anarudi, mkono uko kwenye plasta. Anasomewa taarifa kabla ya kutia sahihi, na anasema amekumbuka vizuri: alikuwa kipandio cha sita, maana boksi lilikuwa bado juu ya kichwa chake. Msimamizi hafuti “saba”. Anaongeza mstari mpya chini, anaweka tarehe na saa, anaandika kauli mpya kwa maneno ya msaidizi, na wote wawili wanatia sahihi kando yake.