Fungu la Jamii: Misiba, Harusi na Idi Ndani ya Bajeti ya Nyumbani

Familia nyingi za mijini zinajua kwa mwezi zinalipa kodi kiasi gani, unga unakwenda kilo ngapi na nauli ya watoto ni shilingi ngapi. Ukiuliza mwaka jana walitoa kiasi gani kwenye michango ya harusi na rambirambi, wengi watakisia. Na hayo makisio huwa chini sana, kwa sababu fedha hizi hutoka kidogo kidogo, elfu kumi leo na elfu hamsini wiki ijayo, kisha mara moja au mbili kwa mwaka hutoka kwa mkupuo.

Jibu la kweli limo ndani ya simu. Taarifa ya miamala ya miezi 12 inaonyesha kila fedha iliyotumwa kwa mhazini wa kamati au kwa mfiwa. Tuchukue kaya ya mfano ya Mbagala, Dar es Salaam: baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama ana genge la mboga, wana watoto watatu, na kwa mwezi wanapata takriban shilingi 900,000. Walipokaa na kalamu, walikuta wamechangia harusi sita kwa shilingi 50,000 kila moja, jumla 300,000. Vitambaa vya sare vya harusi mbili viliwatoa 90,000. Rambirambi za majirani na wafanyakazi wenzao zilikuwa 14, kila moja 10,000, hivyo 140,000. Idi el-Fitri, pamoja na nguo za watoto, pilau na zaka, ilichukua 250,000, na Idi el-Haj 110,000. Kisha mjomba akafariki Tunduru. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ilikuwa 180,000, na sehemu yao katika mchango wa ukoo 100,000.

Jumla ni shilingi 1,170,000. Ukigawa kwa miezi 12 unapata 97,500 kila mwezi. Katika bajeti yao ya zamani, mambo yote haya yalikuwa yamewekewa mstari mmoja wa "dharura", shilingi 20,000.

Hapo ndipo penye kosa. Katika orodha nzima, safari ya Tunduru peke yake ndiyo iliyokuja bila kutarajiwa. Shilingi 890,000 zilizobaki zilikuwa za mambo ambayo tarehe yake inajulikana, au yanayojirudia kila mwaka kwa idadi inayokaribiana. Hakuna anayejua ni jirani yupi atafiwa, lakini mtu mwenye ofisi, mtaa na ukoo mkubwa anajua kwamba mwaka hautapita bila misiba kumi na kitu. Fungu la namna hiyo lapasa kutengwa siku ileile mshahara unapoingia, na likae mbali na fedha ya matumizi.

Sikukuu ndizo rahisi kupangia, ingawa zina mtego mmoja. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 10 au 11, kwa hiyo Idi husogea mbele kila mwaka. Anayeweka akiba ya Idi na agawe kwa miezi 11 badala ya 12, la sivyo sikukuu itamkuta bado hajamaliza. Tena inasogea kuelekea Januari, mwezi wa ada na madaftari. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza takriban tarehe 5 Januari, na nyingine itaanza takriban tarehe 26 Desemba mwaka huohuo, kutegemea kuandama kwa mwezi.

Harusi nazo hutoa taarifa mapema. Kadi ya mchango huja miezi miwili au mitatu kabla, na kiwango cha chini kimekwisha kupangwa na kamati. Kinachoumiza ni ahadi. Mtu huandika laki moja mbele ya wenzake, kisha huanza kuitafuta wiki ya mwisho, na wengi ndipo wanapoangukia kwenye mikopo ya kausha damu. Ahadi nzuri ni ile inayoandikwa baada ya kutazama fungu lina nini na kadi ngapi zingine ziko mezani, kisha ikalipwa kwa mafungu. Wenye harusi nao wana wajibu wao: ukumbi, mpishi na mpambaji hudai malipo ya awali ya fedha taslimu, hivyo bajeti inayopangwa kwa ahadi ambazo hazijalipwa huishia kuwa deni la wazazi wa bwana harusi au bibi harusi.

Msiba mkubwa wa ndani ya nyumba ni suala jingine kabisa. Unaweza kutokea mwezi wa pili, fungu likiwa na laki moja na tisini tu. Hapa akiba ya mtu mmoja haitoshi hata akiwa na nidhamu namna gani, na ndiyo sababu vyama vya kufa na kuzikana vikaanzishwa. Ethiopia wana vyama vya namna hii viitwavyo iddir, ambavyo wanachama wengi huchangia kila mwezi. Mwaka 2006 Stefan Dercon na wenzake walichapisha utafiti uliotazama vyama vya mazishi vya vijijini Ethiopia na Tanzania, wakaeleza kwamba vinaendeshwa kwa kanuni zilizo wazi na kwamba vinafanya kazi ya bima ya kweli.

Bima hiyo lakini ina hesabu zake, na chama kisichozifanya hufa. Chukua chama cha watu 40, kila mmoja analipa shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa mwaka kinakusanya 2,400,000. Kama kila msiba unalipwa 400,000, chama kinaweza kubeba misiba sita. Sasa tazama daftari la wategemezi. Kila mwanachama ameandikisha baba, mama na wakwe wawili, yaani wazee 160. Wakifariki watano tu katika kila mia kwa mwaka, hiyo ni misiba minane, na deni ni 3,200,000. Chama kimepungukiwa laki nane kabla hata ya kuhesabu wanachama wenyewe na watoto wao. Dalili huonekana mapema: mfiwa wa Machi analipwa siku ya pili, wa Julai baada ya wiki, wa Oktoba anaambiwa asubiri makusanyo. Dawa ni kupandisha ada, kupunguza malipo ya wakwe, au kukubaliana mapema kwamba fedha ikipungua kila mtu atatoa nyongeza inayojulikana.

Tatizo la pili ni kuukopesha mfuko wa mazishi. Vikundi vingi huunganisha mfuko huo na hisa za kikoba ili fedha izae, na daftari huonyesha milioni mbili wakati zote ziko mikononi mwa wakopaji. Maiti haisubiri marejesho. Fedha ya misiba miwili, kwa hesabu hii laki nane, lazima iwepo muda wote mahali ambapo mhazini hawezi kuitoa peke yake.

Anayetaka kujiunga na chama, au aliye ndani tayari, ana haki ya kuuliza mambo manne kwenye mkutano ujao: misiba iliyolipwa miaka miwili iliyopita ni mingapi, ilichukua siku ngapi kulipwa, leo kuna fedha taslimu kiasi gani, na mwanachama mpya anasubiri miezi mingapi kabla ya kustahili. Katibu aombwe kuyasoma kutoka kwenye daftari, mbele ya wote.