Bidhaa za China, ajira za Marekani na hesabu yenye miguu miwili

Mwaka 1991 China ilikuwa na asilimia 2.3 tu ya bidhaa za viwandani zilizouzwa nje duniani. Kufikia 2013 ilikuwa na asilimia 18.8. Katikati ya miaka hiyo, mnamo Desemba 2001, ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani, na viwanda vingi vya Marekani vikafunga milango. Je, ni ajira ngapi zilikufa kwa sababu ya China, na ni ngapi zingekufa tu?

Huwezi kulijibu swali hilo kwa kutazama bandarini. Tuseme Wamarekani wameanza kupenda runinga bapa. Watanunua nyingi kutoka China na nyingi kutoka viwanda vya nyumbani, kwa hiyo uagizaji utapanda na ajira zitapanda pamoja. Ukilinganisha namba hizo mbili utadhani China haina madhara, kumbe ongezeko la wanunuzi limeyaficha. Kinyume chake pia hutokea: kiwanda cha Marekani kinaharibika kwa uongozi mbovu, wateja wanahamia kwa Mchina, na lawama zote zinamwangukia Mchina.

Njia ambayo wachumi wengi huitumia kutoka hapo inaitwa kipimo cha Bartik, kwa jina la Timothy Bartik aliyeitumia katika kitabu chake cha 1991 kuhusu sera za kukuza uchumi wa majimbo. Hesabu yenyewe haimshindi mtu anayejua kuzidisha na kujumlisha. Kila mji una migao yake: sehemu ya wafanyakazi wake walio katika kila sekta. Kila sekta nayo inapata mshtuko wake kitaifa, kupanda au kushuka. Zidisha mgao kwa mshtuko, sekta kwa sekta, kisha jumlisha.

Tuchukue namba za kubuni. Uagizaji wa midoli kutoka China umeongezeka kwa dola 30,000 kwa kila mfanyakazi wa midoli aliyekuwepo Marekani, na wa samani kwa dola 10,000. Nyama ya makopo haijaguswa. Mji wa kwanza una asilimia 10 ya wafanyakazi wake kwenye midoli na asilimia 5 kwenye samani: 3,000 jumlisha 500, yaani dola 3,500 kwa kila mfanyakazi wa mji. Mji wa pili una asilimia 1 kwenye midoli na 20 kwenye samani, unapata dola 2,300. Mji wa tatu, wa kusindika nyama, unapata sifuri. Ukitazama ajira zilivyokwenda katika miji hiyo mitatu, unaweza kuanza kusema jambo.

Hivyo ndivyo walivyofanya David Autor, David Dorn na Gordon Hanson katika utafiti wao wa 2013, ila wao walikuwa na maeneo ya ajira 722, yaani miji pamoja na viunga vyake ambamo watu huishi na kwenda kazini, na takriban sekta 400 za viwanda. Waliangalia vipindi viwili, 1990 hadi 2000 na 2000 hadi 2007. Ili kukwepa tatizo la runinga bapa, hawakutegemea uagizaji wa Marekani peke yake. Walichukua bidhaa ambazo China iliziuza katika nchi nyingine 8 tajiri, zikiwemo Ujerumani, Japani na Australia, na migao ya sekta wakaichukua ya miaka kumi nyuma. Kama midoli ya China imefurika Uhispania na Denmark pia, basi pengine chanzo ni viwanda vya China wala si ladha ya Wamarekani.

Jibu lao likasomwa hadi bungeni na kwenye kampeni. Kila dola 1,000 za uagizaji zilizoongezeka kwa kila mfanyakazi ndani ya miaka kumi ziliondoa takriban ajira 6 za viwandani kwa kila watu 1,000 wenye umri wa kufanya kazi.

Sasa tuje kwenye ugomvi, ambao haukuhusu siasa za China hata kidogo. Wataalamu wa takwimu waliuliza: ni nini hasa kinachofanya namba hii iaminike? Kwa kuwa kipimo kimetengenezwa kwa vitu viwili, migao na mishtuko, lazima angalau kimoja kiwe kimetokea bila kuhusiana na matatizo mengine ya miji hiyo. Kwa miaka mingi watafiti walikuwa wakisema neno moja juu ya migao, neno moja juu ya mishtuko, na kuendelea na safari.

Paul Goldsmith-Pinkham, Isaac Sorkin na Henry Swift waliandika mwaka 2020 kwamba kihesabu kipimo hiki ni sawa na kutumia migao yenyewe, na mishtuko inaamua tu mgao upi upewe uzito gani. Wakaonyesha namna ya kutoa uzito huo hadharani, sekta kwa sekta, kwa kutumia kanuni iliyotokana na kazi ya Julio Rotemberg. Walipoifungua hesabu ya China, sekta chache tu kati ya hizo 400 ndizo zilizobeba mzigo mkubwa, zikiwemo kompyuta, midoli na vifaa vya sauti na video vya nyumbani.

Hapo mtu anayeijua Marekani anashtuka. Eneo la San Jose, kitovu cha kompyuta huko Kalifornia, ni miongoni mwa maeneo makubwa yaliyopata namba za juu kabisa katika kipimo hicho. Lakini San Jose ya miaka ile ilikuwa na mengine mengi: wahandisi, mitaji ya kubahatisha, homa ya mtandao iliyopanda hadi mwaka 2000 kisha ikaporomoka. Ukitegemea migao, unatakiwa uape kwamba eneo lenye kompyuta nyingi lingekwenda sawa na eneo lenye nyama nyingi, kama isingekuwa China. Mimi kiapo hicho kingenishinda.

Kirill Borusyak, Peter Hull na Xavier Jaravel waliusimamia mguu wa pili katika makala yao ya 2022. Walisema migao inaweza kuwa na kasoro zake zote, mradi mishtuko iligawiwa sekta mbalimbali kama kwa bahati, na mradi sekta ziwe nyingi kiasi kwamba hakuna moja inayotawala hesabu. Kwa China hoja hii ina uzito. Kwa nini midoli ilipigwa kuliko nyama ya makopo? Kwa sababu ya mageuzi ya China na mamilioni ya vijana waliotoka vijijini kwenda viwanda vya pwani, mambo ambayo hayakuamuliwa na mtu yeyote wa Carolina Kaskazini.

Lakini waliochagua mguu huu nao wana deni la kulipa. Rudi kwenye miji yetu mitatu na uongeze wa nne, wenye hospitali na chuo bila kiwanda chochote. Migao ya viwanda katika mji wa pili inafika asilimia 21, katika mji wa hospitali ni sifuri. Mshtuko wa viwandani kwa wastani ni mkubwa kuliko sifuri, hivyo mji wenye viwanda vingi utapata namba kubwa hata kama mishtuko imegawiwa kwa kura, kama vile aliyenunua tiketi nyingi za bahati nasibu anavyotarajiwa kushinda zaidi. Na viwanda vya Marekani vilikuwa vikipunguza watu kwa sababu nyingine pia, mashine zikiwa mojawapo. Bila kuwa mwangalifu utaibebesha China mzigo wa mashine.

Dawa yake ni kuweka ndani ya hesabu jumla ya mgao wa viwanda wa kila mji, tena wa mwaka uleule ambao migao ya kipimo ilichukuliwa, na kuuruhusu uwe na athari tofauti katika kila kipindi. Kuanzia hapo hulinganishi tena mji wa midoli na mji wa hospitali. Unalinganisha mji wa midoli na mji wa nyama, wenye viwanda kwa viwanda. Borusyak na wenzake walipofanya hivyo, zile ajira 6 kwa kila watu 1,000 zilishuka na kuwa karibu 3. Madhara hayakufutika, ila zaidi ya nusu ya namba ya kwanza ilitokana na kulinganisha maeneo ya viwanda na yasiyo ya viwanda. Ndiyo maana naona mtu anayenukuu 6 leo bila maelezo ananukuu namba iliyopitwa.

Kuna kipimo kingine cha uaminifu ambacho napenda kwa sababu hakihitaji falsafa. Chukua uagizaji wa baada ya 1990 na uone kama "unatabiri" ajira za kabla yake. Athari haiwezi kutangulia chanzo. Ikionekana, kuna kitu kingine. Autor na wenzake walijaribu. Katika miaka ya 1970 maeneo yaliyokuja kupigwa na China yalikuwa yakiongeza ajira za viwandani kuliko mengine. Hilo linaondoa dhana kwamba yalikuwa yakianguka tangu zamani, ingawa pia linaonyesha kwamba hayakuwa maeneo ya kawaida.

Tatizo la mwisho linahusu uhakika. Hickory iko Carolina Kaskazini na Tupelo iko Mississippi, mamia ya kilomita kati yao, lakini zote ni sehemu za samani. Kitanda cha China kikishuka bei, zote zinaumia siku hiyohiyo. Kanuni za kawaida za takwimu zinaihesabu miji hiyo kama mashahidi wawili wasiojuana, kwa kuwa iko majimbo tofauti. Rodrigo Adão, Michal Kolesár na Eduardo Morales walijaribu kitu cha kufurahisha mwaka 2019: waliiacha migao halisi ya Marekani, wakabuni mishtuko ya uongo kwa kompyuta, kisha wakapima "athari" zake kwa ajira. Mishtuko ya kubuni ilipaswa kuonekana na athari mara 5 katika 100, kwa bahati tu. Kwa kanuni za kawaida ilionekana hadi mara 55. Walitengeneza kanuni inayotambua undugu wa sekta, na walipoitumia kwenye utafiti wa China ukingo wa shaka ukapanuka, lakini haukufika sifuri.

Hata baada ya marekebisho yote hayo, namba inayobaki inajibu swali dogo kuliko linavyosemwa majukwaani. Inasema mji ulioguswa zaidi ulipoteza ajira kiasi gani ukilinganishwa na ulioguswa kidogo. Ikiwa bei nafuu za China zilileta nafuu au hasara kwa miji yote kwa pamoja, sehemu hiyo hufutika unapotoa mji mmoja kwa mwingine. Kwa hiyo ukisikia mtu amezidisha namba hii kwa watu wote wa Marekani na kutangaza mamilioni ya ajira zilizopotea kitaifa, muulize sehemu hiyo iliyofutika ameirudisha vipi.