Faili la PDF Linapogoma Kufunguka

Mstari wa juu umefika katikati ukasimama, ukurasa ni wa kijivu mtupu, na kila ukijaribu kusogea chini kivinjari hakijibu. Wengi hapo huilaumu intaneti, wakaenda kuongeza bando. Pengine ni intaneti kweli. Lakini kosa linaweza pia kuwa la faili lenyewe, au la kivinjari kinacholifungua, na bando halitibu hayo mawili.

Jaribio la kwanza ni kuliondoa faili mtandaoni. Bofya kiungo chake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Save link as`, lihifadhi kwenye kompyuta, kisha liburute uliweke ndani ya kivinjari kilekile kilichogoma. Likifunguka bila tabu, faili ni zima na kivinjari ni kizima. Tatizo lilikuwa njiani. Likigoma hata likiwa ndani ya kompyuta, mtandao umeshatoka kwenye kesi.

Njia inaweza kukwamisha kwa sababu ambayo wengi hawaijui. Jedwali linaloonyesha kila kitu kilipo ndani ya PDF kwa kawaida huwa mwishoni mwa faili. Ili kukuonyesha ukurasa wa kwanza, kivinjari huomba seva impe kipande cha mwisho kwanza, kisha vipande vya ukurasa unaoutazama. Seva isiyokubali kutoa vipande humlazimisha msomaji asubiri faili zima, na likiwa na MB 40 kwenye mtandao wa kusuasua, kusubiri huko hakutofautiani na kuganda. Anayetayarisha faili anaweza kulipanga upya ili ukurasa wa kwanza na taarifa zake zitangulie. Baadhi ya programu huonyesha hali hiyo kwa jina la `Fast Web View`.

Sasa tuseme mwombaji wa kazi anafungua barua ya kuitwa kwenye usaili kutoka kwenye tovuti yenye nywila. Kivinjari kinamwambia faili limeharibika. Analipakua: jina linaishia kwa `.pdf`, lakini ukubwa ni KB 14 tu, ilhali barua yenyewe ni ya kurasa kadhaa zilizoskaniwa. Ukubwa huo peke yake unatia shaka. Analifungua kwa Notepad. PDF ya kweli huanza hivi, namba ya toleo ikibadilika:

```
%PDF-1.7
```

Lake linaanza hivi:

```
<!DOCTYPE html>
```

Hiyo ni ukurasa wa tovuti uliovikwa jina la PDF. Muda wake wa kuwa ndani ya akaunti ulikuwa umeisha, na seva ikamtumia ukurasa wa kuingilia badala ya barua. Dawa ni kuingia upya na kupakua tena, wala hakuna cha kurekebisha kwenye kivinjari. Kama mwanzo ungekuwa sahihi, angeshuka hadi mwisho kutafuta `%%EOF`. Isipokuwepo, inaelekea upakuaji ulikatika kabla ya kumalizika.

Faili likiwa zima na bado linagoma, lijaribu kwenye kivinjari cha ukoo mwingine. Firefox hutumia PDF.js, ambayo imekuwa msomaji wake wa kawaida tangu toleo la 19 la mwaka 2013. Chrome hutumia PDFium. Kutoka Chrome kwenda Brave hakuthibitishi mengi, kwa kuwa vyote viwili vimejengwa juu ya Chromium. Likifunguka kwa shida kote, angalia kilichomo. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa rangi kwa dpi 600 una pikseli kama milioni 35, na ukikunjuliwa kikamilifu unaweza kudai takriban MB 139 za kumbukumbu, hata kama faili lenyewe linaonekana dogo. Kompyuta yenye GB 4 za RAM na vichupo ishirini vilivyo wazi itahema. Hapo mwombe mwenye faili aliskani upya kwa dpi 200. Kwa barua ya kawaida inatosha kabisa.

Likigoma kwenye kivinjari kimoja tu, washukiwa wakuu ni viendelezi. Fungua faili katika dirisha la faragha, ambako Chrome huvizima viendelezi isipokuwa ulivyoviruhusu mwenyewe. Kwa Firefox tumia `Troubleshoot Mode`. Likifunguka, rudi kwenye dirisha la kawaida uzime nusu ya viendelezi, ujaribu, kisha ugawe tena nusu yenye kosa, hadi kibaki kimoja. Mimi huanza na programu za kuharakisha upakuaji. Baadhi hulidaka faili kabla halijamfikia msomaji wa PDF, naye hubaki na ukurasa mtupu. Si lazima kuifuta programu hiyo: ondoa PDF kwenye orodha ya aina za faili inazozidaka, kisha funga kivinjari na ukifungue upya.