Kupima mkakati wa hisa kwa bei za jana

Mtu akikwambia ana kanuni ya kununua na kuuza hisa inayoleta faida, muulize kwanza ameijaribu vipi. Mara nyingi amechukua bei za miaka iliyopita, akaipitisha kanuni yake humo kwenye kompyuta, akaona fedha zake zingefika wapi. Programu ya kufanya jaribio hilo huandikwa kwa njia kuu mbili, na asiyejua tofauti yake anaweza kupoteza akiba yake kwa faida iliyokuwepo kwenye jedwali peke yake.

Njia ya kwanza hutumia pandas, maktaba ya lugha ya Python ambayo Wes McKinney alianza kuiandika mwaka 2008 akiwa katika kampuni ya uwekezaji ya AQR, Marekani. Humo bei hukaa kwenye jedwali, kila siku na mstari wake, na hesabu hufanyika kwa safu nzima kwa mkupuo. Bei za kila siku za miaka 20 ni mistari kama 5,000 tu, kwa hiyo jibu hutoka papo hapo. Njia ya pili huenda tukio kwa tukio: bei mpya inafika, mkakati unaitazama na kutoa oda, dalali wa kuigiza anaitekeleza, daftari la fedha linarekebishwa, ndipo tukio linalofuata linapokelewa. Zipline, programu iliyotengenezwa na kampuni ya Quantopian ya Boston iliyofunga milango mwaka 2020, imejengwa hivyo.

Tuanze na pandas, kwa mfano mdogo unaoweza kuukagua kwa kikokotoo. Tuseme hisa imefunga siku tano mfululizo kwa shilingi 100, 104, 102, 105 na 103. Kanuni yetu inasema: hisa ikifunga juu kuliko jana yake, tuishike, ikifunga chini, tuiachie.

```python
r = bei.pct_change()
ishara = (r > 0).astype(int)
faida = ishara * r
```

Mistari hii mitatu inatoa faida ya asilimia 7.1 kwa siku tano, bila hata siku moja ya hasara. Ni uongo mtupu. Ishara ya siku ya pili imejulikana baada ya bei kufunga kwenye 104, lakini msimbo umetupa faida ya kupanda kutoka 100 hadi 104, kana kwamba tulikuwa tumeshanunua jana yake. Dawa ni kuisogeza ishara mstari mmoja chini:

```python
nafasi = ishara.shift(1).fillna(0)
faida = nafasi * r
```

Sasa tunashika hisa siku inayofuata ishara, yaani inaposhuka kutoka 104 hadi 102, na tena kutoka 105 hadi 103. Matokeo ni hasara ya asilimia 3.8. Kanuni ni ile ile na bei ni zile zile. Kilichobadilika ni `shift(1)`. Ndiyo maana mstari wa faida unaopanda bila kuyumba haupaswi kumfurahisha mtu. Unapaswa kumrudisha kwenye msimbo kutafuta ni wapi kesho imevuja ikaingia leo.

Hata hapo kuna dhana iliyojificha. Hesabu hiyo inachukulia kwamba tumenunua kwa bei ile ile ya kufunga iliyotupa ishara, ilhali tulipoijua soko lilikuwa limeshafungwa. Oda halisi ingetekelezwa kesho yake kwa bei ya kufungulia, na ni bora jedwali liwe na safu ya bei hizo ili faida ya siku ya kwanza ihesabiwe kuanzia hapo. Gharama za dalali nazo hukatwa kirahisi, kwa kuwa `nafasi.diff().abs()` inaonyesha kila siku tulipoingia au kutoka. Tozo ya asilimia 0.2 kwa kila muamala inaifikisha hasara yetu kwenye asilimia 4.4.

Pandas inaanza kulemewa pale uamuzi wa leo unapotegemea yaliyokupata wewe mwenyewe jana. Chukua kikomo cha hasara: uza hisa ikishuka asilimia 5 chini ya bei uliyonunulia. Bei ya kununulia haimo kwenye data ya soko. Inatokana na muamala wako wa mwisho, nao ulitegemea ulivyotoka kwenye ule wa kabla yake. Kila mstari unasubiri jibu la mstari wa juu yake, na hesabu ya safu nzima kwa mkupuo haina nafasi ya kusubiri. Wapo wanaolazimisha kwa mbinu za `where` na `cummax` hadi msimbo usomeke kwa shida, na msimbo usiosomeka ndiko makosa yanakojificha.

Ukienda tukio kwa tukio, jambo hilo linaandikwa kama lilivyo:

```python
if ana_hisa and siku.low <= kikomo:
    bei_ya_kuuza = min(siku.open, kikomo)
```

Huo `min` una kazi kubwa. Tulinunua kwa 100, kikomo ni 95, halafu usiku zikatoka habari mbaya na soko likafunguliwa kwenye 92. Hatuuzi kwa 95, maana bei hiyo haikuwepo asubuhi hiyo. Tunauza kwa 92, na hasara ni 8 badala ya 5. Anayejaribu mkakati wake akidhani kikomo kinaheshimiwa daima atajiona salama kuliko alivyo.

Kuna pia fumbo ambalo njia hii hailitatui. Tuseme lengo letu la faida ni 106, na siku moja hisa imefunguliwa kwa 99, ikafika juu 107 na chini 94. Ilianza kupanda au kushuka? Bei za siku nzima hazisemi. Utahitaji bei za kila dakika, na usipokuwa nazo chukua jibu la hasara.

Kwa wawekezaji wa Afrika Mashariki, naona sababu nzito zaidi ya kwenda tukio kwa tukio ni ukwasi. Katika soko la Dar es Salaam zipo kampuni ambazo hisa zake huuzwa chache sana kwa siku. Pandas itakununulia hisa 5,000 siku ambayo zimeuzwa 800 tu, na haitalalamika. Dalali wa kuigiza anaweza kupewa sharti asichukue zaidi ya asilimia 10 ya mauzo ya siku, hivyo leo atapata 80, na oda iliyobaki itasubiri huku bei ikisogea. Vivyo hivyo ishara tatu zikija siku moja na fedha zinatosha mbili, lazima programu ijue kilichobaki mfukoni.

Haya yote yana bei yake. Programu ya tukio kwa tukio ni ndefu kuandika na nzito kuendesha, na si busara kuijenga kwa wazo ambalo pandas ingeliua mapema. Mimi huanza na pandas kila mara. Wazo likishindwa hata bila gharama kamili, limekwisha. Na mkakati unaobadilisha hisa mara moja kwa mwezi, kwenye soko kubwa lenye wauzaji na wanunuzi tele, unaweza kuishia hapo hapo kwenye pandas. Tahadhari moja tu: kwa kuwa ni rahisi kujaribu vipindi 500 vya wastani kwa muda mfupi, kipindi kitakachoshinda kinaweza kuwa kimeshinda kwa bahati. Weka pembeni miaka kadhaa ya bei usiyoigusa hadi mwisho.

Ukishajenga programu ya pili, iondolee kwanza kikomo cha hasara na sharti la mauzo, kisha iendeshe sambamba na pandas kwa kanuni moja, bei zile zile na fedha zote zikiwekezwa upya. Majibu yakaribiane hadi kwenye desimali. Yakitofautiana, usitazame jumla ya mwisho. Tafuta siku ya kwanza yalipoachana. Mara nyingi utakuta oda imetekelezwa kwa bei ya kufunga upande mmoja na ya kufungulia upande mwingine, au gawio limehesabiwa mara mbili: bei zilikuwa zimesharekebishwa kwa gawio, na daftari likaliingiza tena kama fedha taslimu. Ukizisawazisha, rudisha masharti moja moja, na kila mara utaona ni kiasi gani cha faida sharti hilo limekula.